Azimio Bila Kikao

Mwaka 1996 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya Hood Sailmakers dhidi ya Axford, na kiini chake kilikuwa karatasi yenye sahihi moja. Kampuni ilikuwa na wakurugenzi wawili. Mmoja yuko ng'ambo. Aliyebaki nyumbani akaandika azimio, akalisaini peke yake, akalihesabu kuwa uamuzi wa bodi.

Hakuwa amejitungia sheria. Katiba ya kampuni ilisema azimio la maandishi lililosainiwa na wakurugenzi wote wenye haki ya kupewa taarifa ya kikao lina nguvu sawasawa na lililopitishwa kikaoni. Mahali pengine ilisema si lazima kumpa taarifa mkurugenzi aliye nje ya nchi. Viunganishe vifungu hivyo, na mwenye haki ya taarifa anabaki mmoja tu, naye ameshasaini. Ujanja huo ulikuwa na mantiki yake, lakini mahakama iliukataa. Akidi ya bodi ilikuwa watu wawili, na asichoweza kukipitisha mtu mmoja akiwa ukumbini hawezi kukipitisha kwa kalamu. Azimio likaanguka.

Kesi hiyo haiko mbali na Mombasa au Nairobi kama inavyodhaniwa. Kifungu kilichobishaniwa kilitoka katika kanuni za mfano, maarufu kama Jedwali A, zilizoambatanishwa na Sheria ya Kampuni ya Uingereza ya 1948. Sheria hiyo ndiyo iliyokuwa kielelezo cha Sheria ya Kampuni ya Kenya, Sura ya 486, iliyotumika mpaka ilipotungwa mpya mwaka 2015. Kampuni za kifamilia zilizosajiliwa miongo kadhaa iliyopita huweza kuwa na katiba yenye maneno yaleyale, imefungiwa kabatini na haijasomwa na mtu tangu siku ya usajili.

Wengi hukutana na azimio la bodi kwenye dirisha la benki. Unataka kufungua akaunti, kubadilisha wanaosaini hundi au kuchukua mkopo, na ofisa anadai azimio. Wakurugenzi wametawanyika, kikao hakiitishiki leo. Hapo ndipo huzuka tabia mbaya: mtu anachapa muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, chenye saa ya kuanza, sala ya kufungua na jina la aliyeunga mkono hoja. Huo ni uongo ulioandikwa, na siku wakurugenzi wakikosana ndio wa kwanza kuchomolewa kwenye faili. Azimio la maandishi lipo ili uongo huo usiwe wa lazima. Linakiri waziwazi kwamba hapakuwa na kikao.

Tuchukue mfano. Kampuni ya kusafirisha mizigo mjini Mombasa ina wakurugenzi watatu. Wawili wako mjini, wa tatu yuko Muscat kwa miezi miwili. Wanataka kukopa shilingi milioni 6 kununua lori. Kwa kawaida hati hizi huandikwa kwa Kiingereza, lakini sehemu zake ni zilezile kwa lugha yoyote.

Kichwa kinataja jina kamili la kampuni na namba yake ya usajili, kisha kinasema hili ni azimio la maandishi la wakurugenzi, chini ya kifungu fulani cha katiba. Namba ya kifungu isiachwe. Ndiyo inayomwambia msomaji ruhusa ya kuamua bila kukutana imetoka wapi. Ikiwa katiba haina kifungu hicho, na kanuni za mfano zimeondolewa, ni heri kuitisha kikao.

Baada ya hapo huja maelezo ya awali, yale yanayoanza na "KWA KUWA". Kikaoni mwenyekiti angesimama akaeleza mambo yalivyo. Hapa karatasi inaeleza kwa niaba yake. Katika mfano wetu yangesomeka hivi: "KWA KUWA Kampuni inahitaji lori moja la mizigo, NA KWA KUWA Benki imetoa barua ya kukubali kuikopesha Kampuni kiasi kisichozidi shilingi 6,000,000, na nakala ya barua hiyo imeambatanishwa, NA KWA KUWA wakurugenzi wote wameisoma barua hiyo." Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inamzuia mtu kudai baadaye kwamba alisaini bila kujua riba wala dhamana.

Sehemu hii inasimulia tu, haiamui kitu. Kosa la kawaida ni kuficha uamuzi humo, kwa mfano "KWA KUWA wakurugenzi wameona vyema Meneja asaini mkataba", halafu chini lisitajwe tena. Mwanasheria wa benki makini atairudisha hati hiyo, na atakuwa na haki.

Uamuzi wenyewe hukaa chini ya "IMEAZIMIWA KWAMBA", kila jambo na aya yake. Aya ya kwanza inakubali mkopo, na kutaja kikomo chake na barua ya Benki. Ya pili inaruhusu lori liwe dhamana. Ya tatu inataja nani atasaini, na hapa ndipo penye kuhitaji uangalifu kuliko pote. "Wakurugenzi wanaruhusiwa kusaini nyaraka zote" haijasema kama ni mmoja au wote watatu. "Wakurugenzi wowote wawili, wakisaini kwa pamoja" imesema. Ukiandika "na kufanya lolote lingine litakalohitajika", ongeza "ili kutekeleza mkopo huu", la sivyo umempa mtu funguo za nyumba nzima kwa ajili ya chumba kimoja.

Mwisho ni sahihi: mstari, jina kamili, neno "Mkurugenzi", na nafasi ya tarehe kando ya kila jina. Tarehe hizo zijazwe na wasaini wenyewe. Wawili wa Mombasa wakisaini tarehe 3 na wa Muscat tarehe 9, kwa kawaida uamuzi umezaliwa tarehe 9, isipokuwa katiba iseme vingine. Mkataba wa mkopo uliosainiwa tarehe 5 ulisainiwa kabla ya ruhusa kuwapo. Dawa yake si kurudisha tarehe nyuma. Huongezwa aya inayoridhia yaliyokwisha kutendwa, ikitaja mkataba na siku yake. Wala si lazima karatasi moja isafiri hadi Oman, mradi katiba inaruhusu nakala kadhaa zenye maneno yaleyale, kila mmoja akisaini yake. Lakini ujumbe wa simu wenye neno "Nakubali" hautoshi pale ambapo katiba inataka hati iliyosainiwa.

Sasa tuseme yule wa Muscat anakataa. Riba ni kubwa mno, anasema. Hapo karatasi imekwama, hata kama wenzake wawili ni wengi. Jimbo la Delaware nchini Marekani, ambako kampuni nyingi kubwa za huko husajiliwa, lina sharti hilohilo: bodi ikiamua bila kukutana, lazima wote wakubali. Sababu yake ni ya haki. Mwenye shaka angeweza kusimama kikaoni akawageuza wenzake; kwenye karatasi inayozungushwa hana mahali pa kusimama, kwa hiyo amepewa uwezo wa kuizuia.

Katibu akiona hivyo huweka karatasi pembeni na kuitisha kikao, kwa taarifa inayotakiwa na katiba, akiwa na akidi. Yule wa tatu anaweza kuungana nao kwa simu, ikiwa katiba inaruhusu. Atasema yake yote kuhusu riba, wenzake watamsikiliza, kisha watapiga kura. Kwa kura mbili dhidi ya moja, mkopo uleule ulioshindikana kwa maandishi unapita.