Kukosoa wasilisho slaidi kwa slaidi

Uhakiki wa wasilisho huanza na vichwa vya slaidi. Katika PowerPoint, `Outline View` huonyesha maandishi bila picha wala mapambo, na mhakiki huvisoma vichwa kwa mfululizo. Vichwa kama "Utangulizi" au "Matokeo" havidai chochote, kwa hiyo kwa kila slaidi huandikwa pembeni sentensi moja ya dai lake. Kisha kati ya sentensi na sentensi hutafutwa kiunganishi: "kwa sababu", "lakini", "kwa hiyo". Panapoingia "pia" peke yake, kwa kawaida mtiririko umelegea.

Tuseme mwanafunzi wa kilimo ameandaa slaidi 12 kuhusu dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, ambaye wakulima wengi wa Tanzania humwita skania. Slaidi ya 2 inaeleza kuwa mahindi ni chakula kikuu. Ya 3 inasema hayo hayo kwa maneno mengine. Haya ni marudio ya bure, na dawa yake ni kufuta sentensi ya pili. Slaidi ya 9 nayo inarudia swali la utafiti lililoulizwa kwenye ya 4, ila hapa msikilizaji amepita majedwali kadhaa na anahitaji kukumbushwa swali kabla ya jibu. Hiyo huachwa. Kipimo ni kazi inayofanywa na marudio, wala si idadi yake.

Tatizo kubwa liko kati ya 6 na 7. Ya 6 inaonyesha punje zilizobaki unga. Ya 7 inaibuka na kichwa "Mifuko". Msikilizaji hajui mifuko imetokea wapi. Maoni ya mhakiki yanaweza kusomeka hivi:

"Slaidi ya 6 hadi 7: sababu ya kuhamia kwenye mifuko haijatajwa. Mwisho wa 6 ongeza: 'Dumuzi hawezi kuishi bila oksijeni.' Kichwa cha 7 kiwe: 'Mfuko usiopitisha hewa humnyima dumuzi oksijeni.'"

Maoni hayo yanataja mahali, kasoro na maneno ya kuweka. "Boresha mpito" yangemwacha mwandishi pale pale alipokuwa.

Rangi, fonti na mpangilio wa picha haviguswi, hata vikiudhi. Mhakiki hupendekeza kufuta, kuhamisha, kuunganisha slaidi mbili au kubadili maneno, basi. Akianza kuchora upya, mwandishi hupoteza siku kwenye sura ya slaidi huku pengo la 6 na 7 likibaki.

Kuna pengo ambalo sentensi haizibi. Iwapo slaidi ya 11 inapendekeza ruzuku ya mifuko na hakuna slaidi iliyogusa bei, kinachokosekana ni ushahidi. Mhakiki huandika hivyo waziwazi na kumwachia mwandishi aamue: atafute takwimu za bei, au aliondoe pendekezo.