Maneno ya Kwanza ya Mwenyekiti wa Kijiji

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama ilivyo kote Tanzania Bara, kikao chenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji ni Mkutano Mkuu, ambao kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18 ana haki ya kuuhudhuria na kusema ndani yake, na ambao sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imeutaka ufanyike kila baada ya miezi mitatu kwa uchache. Mwenyekiti wa kijiji ndiye mwenye kiti siku hiyo, na afisa mtendaji ndiye katibu. Mara nyingi matayarisho yote humwangukia katibu: yeye huandika tangazo, hupanga ajenda, hutafuta daftari la mahudhurio, ilhali mwenyekiti huja na ulimi wake tu, akitumaini kwamba maneno ya ufunguzi yatajileta yenyewe atakaposimama. Rai yangu ni kwamba maneno hayo yapasa kuandikwa kwa kalamu, neno kwa neno, siku mbili tatu kabla ya mkutano, na kwamba mtu wa kwanza kufungwa nayo awe yeye mwenyewe atakayeyasoma.

Msomaji wa mbali ataelewa haja hiyo akikumbuka nchi yenyewe ilivyo. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kiasi cha siku moja, wakatua Benaco, na kwa miaka iliyofuata wenyeji waliishi bega kwa bega na makambi, wakigawana nao maji, kuni na njia. Kabla ya hapo na baada yake wameingia pia wafugaji wa Kisukuma wakitafuta malisho, hata leo katika kitongoji kimoja cha Biharamulo unaweza kumkuta Msubi mwenye migomba, Mhangaza aliyehamia na Msukuma mwenye ng'ombe, wote wakitumia bonde moja. Kisha mwaka 1994 ukaacha deni lake katika lugha ya watu, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyowaondoa Kagera, Kigoma na Geita wale waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu, ikaliongeza. Kwa maana tangu hapo mtu akitaka kumshinda jirani yake katika ugomvi wa mpaka au wa maharage yaliyoliwa, njia fupi kuliko zote ni kuuliza mbele ya hadhara kwamba huyu ametoka nchi gani. Swali hilo likiisha kuulizwa, ajenda imekufa. Aliyeulizwa hutetea utu wake, na hakuna tena anayekumbuka mpaka wala maharage.

Kwa hiyo tuchukue mkutano wa namna hiyo uwe mfano wetu. Halmashauri ya kijiji, iliyo upande wa Biharamulo, imependekeza katika mpango wa matumizi ya ardhi itengwe njia ya kupitisha mifugo kwenda mtoni, na mpango huo hauna nguvu mpaka Mkutano Mkuu uuridhie. Kabla ya kuandika hata salamu, mwenyekiti akae na mtendaji wake, wajibu swali moja: leo mkutano huu una mamlaka ya kuamua nini, na nini haumo katika mamlaka yake? Hapa ndipo wenyeviti wengi huteleza. Mkutano waweza kuukubali mpango au kuurudisha. Hauwezi kumtia mtu hatiani kwa kulisha ng'ombe shambani. Hauwezi kumaliza mgogoro wa mpaka baina ya watu wawili, kwani kazi hiyo ni ya baraza la ardhi la kijiji, nalo husuluhisha, halihukumu. Tena hauwezi kutoza faini mpya jioni ile ile, maana sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, wananchi wakatoa maoni yao, na haiwi sheria mpaka iridhiwe na halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti asiyeyatenga hayo mwanzoni hujikuta amewaahidi watu haki asiyoweza kuwapa, na mkutano unaofuata watu hawaji, au huja na hasira.

Majibu hayo yakiisha kupatikana, maneno yenyewe yaweza kuandikwa hivi:

«Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu wananchi wenzangu na vijana, nawasalimu nyote. Nafungua mkutano wetu saa nane na robo, nasi tutaufunga saa kumi na nusu, kabla ya ng'ombe kurejea zizini na kabla ya kina mama kushika kazi za jioni.

Tuna mambo matatu. La kwanza ni muhtasari wa mkutano uliopita na yatokanayo. La pili ni taarifa ya mapato na matumizi. La tatu, ambalo limepewa saa nzima, ni pendekezo la njia ya mifugo kwenda mtoni. Hilo leo mtalikubali, au mtalikataa, au mtalirudisha halmashauri litengenezwe. Hatutahukumu mtu. Mwenye ugomvi wa mpaka aende baraza la ardhi la kijiji. Mwenye mazao yaliyoliwa aje kwa mtendaji kesho asubuhi, ili afisa ugani akakague hasara. Habari ya faini tutaisikiliza kama maoni tu.

Atasema aliyeitwa. Atataja jina na kitongoji chake, naye atasema kwa dakika tatu. Hatasema mara ya pili mpaka wamalizike wasiosema kabisa. Wakisema wanaume wawili, nitamwita mwanamke. Asiyeona raha katika Kiswahili aseme Kisubi, Kihangaza au Kisukuma, na mzee tuliyemwomba atafasiri, wala dakika za kufasiri hazihesabiwi.

Tutataja kitendo, hatutataja kabila. Tutasema ng'ombe waliingia shambani, au shamba limeziba njia. Hatutasema watu fulani ndivyo walivyo. Uraia wa mtu una ofisi yake, nayo haiko chini ya mti huu. Atakayeuliza hilo nitamkatiza, hata akiwa ni mzee wangu.

Shamba langu limepakana na njia inayopendekezwa. Nataka mlijue hilo sasa. Sitatoa rai yangu mpaka mmekwisha kusema, na nikisahau, yeyote aseme utaratibu, mwenyekiti, nami nitanyamaza. Je, ajenda na kanuni hizi mmeziridhia? Kuna la kuongeza?»

Yakisomwa kwa utulivu, maneno hayo hayazidi dakika nne, na kipimo hicho nakishikilia kwa makusudi, kwa sababu ufunguzi ukipita dakika kumi hugeuka hotuba, na hotuba humpa kila msemaji wa baadaye idhini ya kuhutubu. Adui mkubwa wa kipimo hicho ni utambulisho. Diwani amefika, mtu wa chama amefika, kila mmoja aombwa asalimie kidogo, na nusu saa hupotea kabla muhtasari haujafunguliwa. Afadhali mwenyekiti awatambulishe wageni yeye mwenyewe kwa majina na vyeo, wasimame na kukaa, na ambaye ana habari ya maana aiseme katika ajenda inayohusika.

Saa ya kufunga iliyotangazwa pamoja na sababu yake hutenda kazi mbili. Humpa mfugaji yakini kwamba hatalazimika kuondoka katikati, wakati shauri lake ndilo linalotaka kukatwa. Tena humwondolea mwenyekiti lawama ya upendeleo anapomkatiza mtu, kwani saa imewekwa na zizi la ng'ombe. Mikutano ya vijiji huharibika sana mwishoni, wafugaji na wanawake walipokwisha kuondoka, wakabaki vijana na wenye mashamba ya karibu wakipitisha jambo kwa sauti kubwa. Azimio la namna hiyo halidumu, kwa kuwa waliolitoa ni upande mmoja.

Ibara ya kabila na uraia ndiyo niliyoipima zaidi. Wako wanaosema kwamba kulitaja jambo hilo ni kuliamsha, na kwamba mwenyekiti mwenye busara hulinyamazia. Katika wilaya nyingine huenda ni kweli. Huku mpakani jambo lenyewe liko macho, kila mtu analingoja litamkwe, na yule anayeliogopa hufika mkutanoni ameazimia kutofungua kinywa. Kumbe ndiye mwenye habari ya mahali ng'ombe wanapoweza kupita bila kugusa shamba la mtu. Lakini namna ya kulitaja ni lazima iwe baridi: neno liwe fupi, lisiambatane na kisa wala mfano wa watu wanaojulikana, na adhabu yake iwe ni kukatizwa, basi. Mwenyekiti akianza kuwaasa watu juu ya umoja kwa kirefu, wenye mashaka wataona kwamba yeye mwenyewe ana hofu.

Kisha kuna ile haya ya kusema shamba langu limepakana na njia. Wajumbe wengine wa halmashauri humshauri mwenyekiti alifiche, kwa hoja kwamba wanakijiji wote wanajua. Kujua kwao wote ndiyo sababu hasa ya kulisema. Asipolisema yeye, litasemwa na msemaji wa nne au wa tano, kwa ukali, na tangu hapo kila kanuni atakayoisimamia itaonekana ni ukuta wa shamba lake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha kuwakataza viongozi majivuno na dharau. Lakini katazo la karatasi halimshiki mtu kama kauli aliyoitoa kwa kinywa chake mbele ya jirani zake. Na ikiwa njia yapita ndani ya shamba lake lenyewe, au la ndugu yake wa damu, haitoshi kulitangaza. Awaombe wananchi wamchague mjumbe mwingine aongoze ajenda hiyo, yeye ashuke akae nao.

Dalili za kwamba ufunguzi haukushika huonekana mapema. Msemaji wa pili akianza na habari isiyo katika ajenda, basi mambo matatu hayakueleweka, na yafaa yasomwe upya bila kukaripia. Watu wakianza kusema na wenzao badala ya kusema na kiti, kanuni ya kuitwa imevunjwa, nayo hurudishwa kwa kunyamaza, kwani sauti kubwa ya mwenyekiti huongeza nyingine. Wanawake wakiitwa na kila mmoja akajibu kwamba hana la kusema, mwenyekiti asiiache kanuni baada ya jaribio la kwanza. Amwite wa pili, na ikihitajika awape kina mama dakika tano washauriane na kumtoa msemaji wao.

Karatasi iliyosomwa isitiwe mfukoni. Mtendaji aiambatanishe na muhtasari, na aandike chini yake kwamba wananchi waliridhia, pamoja na nyongeza waliyoitaka, ili baada ya miezi mitatu, yatokanayo yanaposomwa, mtu aweze kuuliza kama mwenyekiti alikaa kimya katika ajenda ya tatu kama alivyoahidi, na jibu lipatikane katika daftari.