Tumaini ni "he" au "she"?

Sentensi ya Kiswahili "Amefika na mzigo wake" haina pengo lolote. Haisemi kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke, na msikilizaji hangoji kuambiwa. Kiambishi a- cha "amefika", -m- iliyo ndani ya "nimemwona", neno "yeye" na "-ake" ya kumiliki humhusu kila mtu wa ngeli ya A-WA, awe babu, bibi au mtoto mchanga. Kiingereza hakiruhusu ukimya huo. Mtu mmoja akishatajwa, sentensi inayofuata humdai mwandishi achague: "he", "him" na "his" kwa mwanamume, "she", "her" na "hers" kwa mwanamke. Kwa hiyo anayehamisha ujumbe kutoka Kiswahili hujikuta akitakiwa kutoa habari ambayo hakupewa.

Makosa hapa ni ya aina mbili, na ni vizuri yasichanganywe. La kwanza ni kuteleza kwa ulimi: mzungumzaji wa Kiswahili anamjua mama yake vizuri, lakini akizungumza Kiingereza kwa haraka husema "he" kwa sababu kichwani mwake kuna "yeye" moja tu. Kwenye maandishi, kosa hilo huondolewa kwa kusoma upya kabla ya kutuma. La pili ni gumu zaidi. Ni pale mwandishi asipojua kabisa jinsia ya mtu, akabahatisha. Huyo hata akisoma barua yake mara tatu haoni kosa, maana kwa macho yake sentensi ni sanifu.

Mfano wa ofisini unaonyesha jambo lilivyo. Kampuni ya utalii ya Arusha ina wageni wanaotua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ofisi ndogo ya Moshi, ndiyo iliyopanga mwongozaji, inaleta ujumbe kwa simu: "Tumaini atawapokea saa mbili usiku. Gari lake ni jipya na anazungumza Kijerumani vizuri. Akichelewa, mpigieni simu." Karani wa Arusha hajawahi kukutana na Tumaini. Anawaandikia wageni hivi: "Tumaini will meet you at Kilimanjaro airport at 8 pm. His car is new and he speaks German well. If he is late, please call him."

Saa mbili usiku imekuwa "8 pm", sawasawa. Sarufi nayo haina doa. Lakini mwanamume ameingia kwenye barua mara nne, na hakuna aliyemtaja. Tumaini ni jina wanaloitwa wanaume na wanawake pia, na mwongozaji wa safari hii ni mwanamke. Wageni wakifika usiku, wamechoka, wanamtafuta mwanamume mwenye kibao. Mwanamke anayewajia na kusema yeye ndiye Tumaini wanamtilia shaka, na wana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu barua ya kampuni yenyewe ndiyo iliyowaambia wamtarajie mtu mwingine.

Jina pekee ni mwongozo dhaifu. Baraka, Furaha, Amani, Imani na Bahati ni majina ya namna hiyohiyo. Kwa Waluo, Otieno ni mvulana na Atieno ni msichana, ila mwanamke anaweza kutumia Otieno kama jina la baba au la mume, hivyo "Otieno" iliyo mwishoni mwa saini haithibitishi kitu. Jean ni mwanamume huko Kongo, Rwanda na Burundi, ambako majina ya ubatizo yamefuata Kifaransa. Mwingereza akiona Jean huwaza mwanamke. Andrea ni mwanamume Italia, na kwa Waingereza huwa ni mwanamke. Anayeandika kwa mtu wa nchi nyingine kwa kufuata masikio yake ya nyumbani anacheza bahati nasibu.

Dawa ya kwanza ni kuuliza, na kwa Kiswahili swali hili ni jepesi. Karani wa Arusha angempigia mwenzake wa Moshi na kusema, "Huyu Tumaini ni kaka au dada?" Hakuna anayeudhika. Saini za barua za awali, picha ya wasifu na cheo cha Bw. au Bi. katika barua za ofisi navyo husaidia. Siku hizi wapo pia wanaoandika "she/her" au "he/him" chini ya majina yao. Hilo ni jibu kamili lililotoka kwa mwenyewe, na halihitaji kuhojiwa.

Pasipo nafasi ya kuuliza, njia inayotegemewa zaidi ni kuipanga sentensi upya ili isihitaji kiwakilishi. Barua ya Arusha ingeweza kuwa hivi: "Tumaini will meet you at Kilimanjaro airport at 8 pm in a new car. Your guide speaks German well. If there is any delay, please call this number." Habari zote za Moshi zimo, na hakuna "he" wala "she". Kilichofanyika ni hatua tatu ndogo. Gari limehamishiwa kwenye sentensi ya kwanza, kwa hiyo halihitaji tena mwenye mali. Kazi ya mtu, yaani mwongozaji, imeshika nafasi ya kiwakilishi. Na "akichelewa" imekuwa "kukitokea ucheleweshaji", yaani tukio limetajwa badala ya mtu. Mbinu hii ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, ilhali ndiyo inayookoa sentensi ngumu.

Kurudia jina pia kunafaa, ila kwa kiasi. Tumaini mara mbili katika aya moja halichoshi. Mara tano husomeka kama hati ya mashtaka.

Wengi hufundishwa shuleni kuandika "he or she". Si kosa, na mara moja katika barua inapita. Ikirudiwa pamoja na "him or her" na "his or her", barua huwa nzito na msomaji huanza kuhesabu viwakilishi badala ya kufuata habari. "S/he" ni mbaya zaidi kwa sababu haisomeki kwa sauti. Ipo pia desturi ya zamani ya kumwita kila asiyejulikana "he". Bunge la Uingereza liliiandika katika sheria mwaka 1850, kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yawajumuishe na wanawake. Leo katika barua ya kazi desturi hiyo inamwonyesha mwandishi kuwa hakuwafikiria wanawake, na hakuna sababu ya mtu wa Kiswahili, ambaye lugha yake haikumfunza ubaguzi huo, kuuazima.

Linabaki neno "they" kwa mtu mmoja. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wamelikata kwa wino mwekundu, kwa hoja kwamba "they" ni wingi. Hata hivyo Waingereza wamelitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la AP uliliruhusu kwa mipaka mwaka 2017, na ule wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, unaofuatwa na vyuo vingi, ukalikubali wazi katika toleo la mwaka 2019. Kitenzi chake hubaki cha wingi: huandikwa "they are", kama vile mtu mmoja huambiwa "you are" bila yeyote kushangaa.

Lakini "they" haifai kila mahali, na hapa ndipo wanaoijua nusu huanguka. Inakaa vizuri kwa mtu ambaye hana jina wala sura: "If a guest loses their passport, they should report to the police first." Mgeni huyo ni yeyote. Inakaa vibaya pale idadi ya watu ina uzito. Karani wa Arusha angeandika "Their car is new and they speak German well", wageni wangeweza kudhani wanapokewa na watu wawili, na kiwanjani wangesimama wakimngoja wa pili. Vivyo hivyo kwa vyumba vya hoteli, tiketi, na malipo ya posho: "They will need a room" inaweza kuleta vitanda viwili. Panapohesabiwa watu, litumike jina. Panapotolewa kanuni ya wote, "they" ni bora kuliko zote.

Mwanzo wa barua nao una mtego wake. Ofisi za Tanzania zina bahati ya neno "Ndugu", linalomfaa mwanamume na mwanamke. Kiingereza hakina neno kama hilo kwa matumizi ya kila siku. "Mr" ni mwanamume, "Mrs" ni mwanamke aliyeolewa, na "Ms" ni mwanamke bila kusema kama ameolewa. Asiyejulikana jinsia aandikiwe "Dear" na jina lake lote kama lilivyo kwenye wasifu, bila cheo. "Dr" na "Professor" hazina jinsia, na mwenye cheo hicho apewe. Kama hata jina halijulikani, kazi yake inatosha: "Dear Hiring Manager". "Dear Sir" peke yake iachwe.

Mtego mwingine umejificha mbali na viwakilishi, ndani ya maneno ya ukoo. Meneja anaarifiwa kwamba mfanyakazi "amefiwa na mkwe wake", naye anataka kuwaandikia makao makuu kuomba ruhusa. "Mkwe" huweza kuwa baba wa mume, mama wa mke, au mume wa binti. Kiingereza kitataka kujua ni yupi. "Ndugu", "shemeji" na "mpwa" nayo ni hivyohivyo. Kumwita marehemu "father-in-law" kwa kubahatisha ni vibaya kuliko kukosea dereva, kwa kuwa rambirambi zitakazorudi zitamtaja mtu ambaye pengine yu hai. "There has been a death in the family" inatosha, na ni ya heshima.

Kosa likishatoka, lisahihishwe kwa sentensi moja katika barua inayofuata: "A correction to my last email: Tumaini is a woman." Kuomba radhi kwa aya nzima kunamfanya mhusika awe mjadala. Mazungumzo ya barua pepe hubeba ujumbe wa zamani chini yake, kwa hiyo anayejibu akinakili kutoka huko atairudisha "he" ileile. Ni afadhali kuanza barua mpya.

Kabla ya kutuma, barua ndefu hukaguliwa kwa kutafuta maneno yenyewe. Katika programu ya Word hubonyezwa Ctrl+H, kisha "More", na kisanduku cha "Find whole words only" hutiwa alama. Bila hivyo, kutafuta "he" kutaleta pia kila "the", "when" na "there". Hutafutwa "he", "him", "his", "she" na "her", moja baada ya nyingine, na kwa kila linalopatikana huulizwa ni nani aliyesema kwamba mtu huyo ni mwanamume au mwanamke. Kama jibu ni "hakuna", sentensi hiyo hupangwa upya.