Mwogeleaji wa alfajiri asingoje chakula hadi mapumziko ya saa nne

Mtoto anayeogelea alfajiri kisha jioni mara nyingi huonekana ameishiwa nguvu katika zoezi la jioni. Mkocha humwona mvivu, na mzazi hudhani ni usingizi. Aghalabu chanzo kiko asubuhi, katika ile saa moja baina ya kutoka majini na kuingia darasani.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 14, mwenye kilo 50, anayeishi Mombasa. Huingia majini saa kumi na moja alfajiri, hutoka saa kumi na mbili na robo, na masomo huanza saa moja na nusu. Jioni hurudi bwawani saa kumi na nusu.

Anapoamka, misuli yake bado ina akiba ya wanga kutokana na chakula cha jana usiku. Iliyopungua ni akiba ya ini, ambayo usiku kucha imekuwa ikiilisha damu sukari. Ndiyo maana anayeingia majini bila kula chochote huweza kupata kizunguzungu au kuumwa kichwa katikati ya zoezi. Dawa yake ni kitu kidogo chepesi: ndizi mbivu moja, au tende nne tano, au kikombe cha uji mwepesi, pamoja na maji. Ndizi ya wastani ina takribani gramu 25 za wanga, na kwa saa hiyo zatosha.

Hapa wazazi wengi hukosea kwa mapenzi: wanampa mahamri na chai ya maziwa saa kumi alfajiri. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Mtoto akilala kifudifudi majini na kujipindua kila afikapo ukutani, chakula hupanda kifuani. Asiyeweza kumeza kitu saa hiyo aanze na tende mbili na funda chache za maji, kisha aongeze polepole wiki hadi wiki.

Akitoka majini, sasa ndipo ale. Kipimo kinachotumika ni takribani gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 50 kwa binti huyu, na protini gramu 15 hadi 20 za kukarabati misuli. Kwa sahani ya kwetu, viazi vitamu viwili vya wastani vilivyochemshwa, mayai mawili na pakiti ndogo ya maziwa vinatosha. Mahamri na mbaazi za nazi pia sasa yana nafasi yake, maana saa za kuyasaga zipo. Ila mbaazi peke yake zina protini kiasi tu, kwa hiyo aongeze yai au maziwa.

Kuna atakayesema kwamba hadi saa kumi na nusu jioni kuna saa kumi nzima, haraka ya nini? Ni kweli misuli yaweza kujaza akiba yake kwa muda huo, lakini kwa sharti la kuletewa chakula, na darasani mtoto hali. Akikosa cha asubuhi, huanza kujaza saa nne kwa andazi moja, na nafasi iliyobaki ni chakula cha mchana pekee. Akila saa kumi na mbili na nusu, hizo mbili humalizia kazi iliyokwisha kuanza. Saa kumi kasoro robo ale ndizi nyingine, na akitoka bwawani jioni ale wali, samaki na mboga bila kuchelewa, kwa kuwa chakula hicho ndicho akiba ya alfajiri inayofuata.

Chakula cha kubeba kiangaliwe kwa joto letu. Mbaazi za nazi zitiwe zikiwa moto sana katika chombo kinachohifadhi moto. Maziwa yawe ya pakiti isiyohitaji friji, nayo isifunguliwe mpaka wakati wa kunywa. Chai nayo isogezwe mbele kama saa moja, kwani huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mbaazi na mboga, na msichana aliyevunja ungo huyahitaji zaidi. Chungwa au kipande cha embe husaidia.

Utajuaje kwamba hakimtoshi? Husinzia kipindi cha pili, hukasirika upesi, na muda wake wa kuogelea huharibika jioni kuliko asubuhi, wiki baada ya wiki. Lakini akipungua uzito, akiacha kurefuka, au hedhi ikikatika, hapo si suala la ndizi tena. Punguza mazoezi na umpeleke kwa daktari. Mwenye kisukari pia apangiwe vyakula hivi na daktari wake.