"Niko Ubungo": Kumtania rafiki aliyefika miaka 50 bila kumuumiza

Kilichonivuta ni mstari uliokatwa. Ulikuwa kwenye daftari la kaunta la mshereheshaji mmoja wa Tabata, mwanamke aliyefundisha shule ya msingi kabla hajaingia kwenye kazi ya sherehe, na ambaye mpaka leo wateja humwita Mwalimu. Nilimfuata kwa habari nyingine kabisa, ya bei za kumbi. Daftari lilikuwa wazi mezani, limeandikwa utani wa kumsomea mwanamume anayetimiza miaka 50, na katikati ya ukurasa kulikuwa na sentensi ya kuchekesha kuliko zote, imekatwa kwa kalamu nyekundu mara mbili. Ilihusu mabakuli ya plastiki yenye mifuniko ambayo jamaa huyo huenda nayo kila sherehe, akayajaza pilau na kuondoka nayo.

Nilimuuliza kwa nini ameikata. "Kwa sababu ya dada yake," alisema, akafunga daftari.

Nilirudi kwake kwa ajili ya jibu hilo.

Utani tunaujua sote. Mzaramo na Mnyamwezi hawahitaji kutambulishwa, shemeji na shemeji vivyo hivyo, na mjukuu humwita babu mume mwenza bila mtu kushtuka. Siku hizi mijini umeongezeka mwingine: rafiki husimama ukumbini na karatasi, kabla ya keki kukatwa, akamsema mwenye shughuli kwa dakika sita au saba huku watu wakicheka. Wengi hujiandikia wenyewe. Wanaoogopa kuharibu humletea Mwalimu.

Hofu yao ina msingi, na Mwalimu anaueleza vizuri. "Utani wa kabila ni wa kundi. Mzaramo akimwambia Mnyamwezi jambo, hamsemi yeye, anawasema wote, na yule hata kama hamjui atacheka. Huu wa ukumbini ni wa mtu mmoja. Unamchekesha kwa yale unayoyajua wewe uliyekaa naye miaka 30. Ukikosea, umekosea palepale penye roho yake, na wakwe wamekaa meza ya mbele."

Mteja wake safari hii alimletea mambo tisa. Jamaa huchelewa. Hutuma ujumbe wa sauti mrefu usio na mwisho. Hujifanya fundi wa kila kitu. Ana kipara. Hubeba mabakuli. Biashara yake ya vifaa vya ujenzi ilifungwa. Na mengine ya namna hiyo. Kwa mteja yote yalikuwa tabia za rafiki yake. Mwalimu aliyapitia akaanza kwa kuondoa yale ambayo si tabia. "Kuchelewa anakufanya mwenyewe. Kipara hakikumwomba ruhusa." Akauliza kama jamaa huvaa kofia hata ndani ya nyumba. Mteja akasema ndiyo, miaka yote. Kipara kikaondoka, maana mtu hafuniki kisichomuuma. Biashara iliondoka bila mjadala.

Yaliyobaki hakuyapitisha hapohapo. Alipiga simu kwanza, moja kwa mtu wa nyumbani na nyingine kwa mtu wa kazini, na wote aliwauliza swali lilelile. Hili ndilo ninalotaka wasomaji walichukue, kwa sababu sijawahi kusikia kipimo kizuri kama hicho. Haulizi kama jambo fulani litamuudhi. Watu hujibu hapana, huyu ana roho nzuri, hana neno. Yeye huuliza: "Akitaniwa hilo, hujibu nini?"

Mwenye jibu lake tayari ameshalizoea jambo lenyewe. Amelisikia mara nyingi, amelitafuna, amelitengenezea silaha. Kuhusu kuchelewa, mtu wa kazini alicheka kabla hata ya kujibu: jamaa akiulizwa yuko wapi, husema, "Niko Ubungo," hata kama ndiyo kwanza anatafuta soksi. Na akiumbuliwa husema Ubungo ni pakubwa. Kuhusu ufundi, alitengeneza feni ya ofisini, skrubu nne zikabaki mezani, akasema kiwanda huweka za akiba. Majibu hayo yana miaka na yeye mwenyewe huyasimulia. Hapo pana ruhusa.

Dada yake alipoulizwa kuhusu mabakuli alikaa kimya. Kisha akasema kwamba baba yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyekuwa akitumwa kwenye shughuli za majirani, arudi na chochote kwa ajili ya wadogo zake. Akitaniwa mabakuli hajibu. Hutabasamu tu, akabadili mazungumzo.

Mwalimu alikata mstari.

Kilichofuata ni uandishi, na hapa alinionyesha ukurasa kwa ukurasa. Mteja alikuwa ameandika: "Rafiki yetu hajali kabisa muda wa watu." Mwalimu akamwambia hilo ni shtaka, lipelekwe kwa mjumbe. Hakuna anayecheka akisikia mtu ameshtakiwa. Unachotafuta ni maneno yake yenyewe, yalivyo, bila sifa yoyote mbaya iliyobandikwa juu yake. Ukumbi uyatambue, ucheke kwa kuyatambua. Sehemu iliyotoka ikasomeka hivi:

"Ndugu zangu, nimekaa na mwenzetu huyu tangu zamani zile akisema amekwama kwenye taa za Ubungo. Tukamwamini, maana taa zile zilikuwa na mateso. Mwaka 2021 likazinduliwa daraja la juu la Kijazi, taa zikasahaulika, nchi nzima ikafurahi. Mtu mmoja tu alihuzunika. Alinipigia simu akaniambia, 'Ndugu yangu, Serikali imeniharibia.' Wiki iliyofuata tukawa na kikao saa kumi. Saa kumi na moja na nusu nikampigia. Akasema: niko Ubungo, nimepotea darajani. Leo anatimiza 50. Miaka 49 imeshafika, imekaa, imekula. Huu wa 50 nimeupigia simu. Umesema uko Ubungo."

Chini yake, kwa herufi kubwa, Mwalimu aliandika: NGOJA. Na mistari mitatu ikaachwa tupu.

Nafasi hiyo ndiyo kazi yenyewe, na nilimsikiliza muda mrefu akiielezea. Anayejiandikia huogopa kimya, hivyo hupanga mzaha juu ya mzaha, msomaji akikimbia kama anayefukuzwa na mbwa. Mwenye shughuli anabaki kitini, anapigwa, hana mdomo. "Mtani lazima arudishe," alisema Mwalimu. "Asiporudisha, hakuna utani hapo, kuna mtu anasemwa mbele za watu." Kwa hiyo kila mzaha wake una pengo, na pengo huwekwa mahali ambapo yule mtu ana jibu ambalo Mwalimu ameshalisikia kwenye simu. Mteja anaelekezwa anyamaze, amtazame rafiki yake, asitazame karatasi. Siku ile jamaa aliinuka nusu, akapaza sauti: "Anzeni kula, nakuja!" Ukumbi ulivunjika. Kicheko kikubwa kuliko vyote vya usiku ule kilikuwa chake, na kilikuwa kimeandaliwa bila yeye kujua.

Anachukua mambo matatu tu, hazidishi. La kwanza ni dogo, hapa ulikuwa ujumbe wa sauti: salamu, mbwa anabweka, anabishana bei ya mchicha na mama wa genge, kisha mwishoni, "Haya, nitakupigia nikueleze." La pili ni la ufundi. La tatu ndilo kubwa, la Ubungo. Kabla ya yote msomaji anajitania mwenyewe, sentensi mbili, ili ukumbi uone kwamba naye yumo. Husomwa watu wakiwa wameshapata chakula, maana mwenye njaa hachekeshwi, na kabla vinywaji havijashika kasi, kwa sababu hapo ndipo wanaojitolea kuongeza yao huanza kusimama. Mzaha ulioondolewa kwa kalamu nyekundu unaweza kurudi kwa mdomo wa binamu aliyekunywa. Mwalimu humtafuta mapema mtu wa namna hiyo na kumpa kazi ya kugawa keki.

Huwapiga marufuku wateja kusema "natania tu". Anayesema hivyo ameshakiri kwamba ameumiza. Namna ya kujua kabla ya hapo ni kumtazama mwenye shughuli, nani anacheka kwanza. Anayefurahi hucheka na watu au kabla yao. Anayeumia hutazama nyuso za meza za jirani, ndipo acheke, na mkono wake hauachi kugusa kitu: glasi, kola, kofia. Ukiona hivyo hutoi maelezo wala huombi radhi kwenye kipaza sauti. Unarudi kujisema mwenyewe na kuruka mpaka jambo linalofuata. Radhi utaomba kesho, nyumbani kwake.

Nilikuwa na swali lililonikaa, nikamuuliza. Watani wa jadi hawajali mipaka hii. Msibani huvaa nguo za marehemu, huigiza mwendo wake, hata kushuka kaburini na kudai chochote kabla mwili haujashushwa. Wanagusa kifo chenyewe na hakuna anayewalaumu. Tena wafiwa hupumua. Kwa nini sisi tuogope bakuli la plastiki?

Alifikiri. "Wale wamepewa na babu zao. Mimi nimepewa na mteja, kwa malipo," alisema. Baadaye akaongeza: "Lakini sina uhakika kama nilimtendea haki."

Sababu ni kwamba sherehe ilipokwisha jamaa alimfuata rafiki yake, bakuli mkononi, akamuuliza mbele ya dada yake: "Mbona hamkunisema haya?" Mteja alilileta swali hilo kwa Mwalimu na hakuna aliyeweza kulifasiri. Labda alikuwa amejiandaa, jibu analo, akanyimwa nafasi ya kulitoa. Labda alishukuru kwa namna yake. Dada anasema kaka yake alikuwa akicheka. Mteja anasema hakuwa akicheka.

Sasa mezani kwa Mwalimu kuna kazi ya mzee anayetimiza miaka 60, mjane wa miaka michache. Watoto wake ndio wameleta orodha, na karibu kila jambo ndani yake lina mama yao: kwamba mzee bado huzima taa za sebuleni saa tatu kamili kwa sababu mama aliamuru, kwamba akishindwa kupata miwani humlaumu mama. Mwalimu amepiga simu zake mbili. Kote ameambiwa mzee hutaniwa haya kila siku na majibu anayo, tena ya kuvunja mbavu. Kwa kipimo chake, ruhusa ipo. Ukumbi utakuwa na watu mia mbili, nusu yao waliomzika mama huyo. Ameandika ukurasa mmoja, kalamu nyekundu iko pembeni, na nilipoaga alikuwa anatafuta namba ya shemeji wa mzee, mdogo wake marehemu, amuulize yeye.