Redio, Gazeti au Mtandao: Milioni 10 Ziende Wapi?

Kampuni moja ya mbegu za mahindi mkoani Mbeya ina shilingi milioni 10 za matangazo kabla ya msimu wa kupanda. Kampuni hii na bei zake ni za mfano, ila swali lake ni la kila siku. Tangazo moja la redio ni shilingi 200,000 na linafikia watu 40,000, wakiwemo 30,000 wa vijijini. La gazeti ni milioni 1, linafikia 60,000, wa vijijini 10,000. Kifurushi cha mtandaoni ni 250,000, kinafikia 60,000, lakini wa vijijini ni 5,000 tu.

Anayetazama unafuu peke yake atanunua vifurushi 40 vya mtandaoni na kuhesabu watu milioni 2.4. Lakini mbegu hupandwa na mkulima, na hapo vijijini watafikiwa 200,000 tu.

Kwa hiyo kampuni inaweka masharti: vijijini wasipungue 700,000, na gazeti lipate angalau matangazo mawili, kwa ajili ya wenye maduka ya pembejeo. Kutafuta jumla kubwa kabisa ndani ya masharti ya aina hii ndiyo programu ya mstari. George Dantzig alibuni njia ya kuikokotoa mwaka 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakala wa matangazo BBDO wa New York aliitumia kuchagua vyombo vya habari.

Sharti la vijijini huandikwa hivi, R ikiwa redio, G gazeti, M mtandao, kwa maelfu ya watu:

```
30R + 10G + 5M >= 700
```

Gazeti ni ghali kuliko wenzake kwa kila mtu, hivyo linabaki na mawili yake. Milioni 8 zilizosalia zinagawanywa sawa: redio matangazo 20, mtandao vifurushi 16. Jumla ni watu 1,880,000.

Faida kubwa zaidi ya hesabu hii ni kuonyesha bei ya kila sharti. Kuongeza watu 26,000 wa vijijini kunapunguza jumla kwa 8,000 tu. Mkulima anapatikana kwa bei nafuu. Tangazo la tatu la gazeti, kinyume chake, lingepunguza karibu 183,000. Sharti la kujadiliwa kwanza ni hilo la gazeti.

Tatizo liko kwenye neno “watu”. Msikilizaji wa tangazo la kwanza anaweza kuwa yuleyule wa la 20, na jioni akaliona tena kwenye simu, lakini hesabu humwongeza kila mara kama mgeni. Dalili yake ni jumla inayozidi idadi ya wakazi wa eneo lenyewe. Wapangaji makini hugawa redio katika ngazi: matangazo 10 ya kwanza huhesabiwa kwa watu 40,000 kila moja, yanayofuata kwa wachache zaidi. Mistari inabaki kuwa mistari, na kompyuta hujaza ngazi yenye watu wengi kwanza.