Waraka uliokatika kwa sababu ya nukta

Watumishi wa ofisi wanapokea waraka kwa barua pepe. Aya ya mwisho inasema posho ya safari haitalipwa mwezi huu. Mchana, afisa utawala anatuma tangazo: waupuuze, ulikatika njiani. Waraka hukatikaje bila hata kuonyesha kwamba umekatika? Tazama ulivyoandikwa:

```
2. Posho ya safari haitalipwa mwezi huu.
.
Hii inawahusu tu ambao hawajarejesha
masurufu ya safari iliyopita.
```

Mwandishi aliweka nukta peke yake kwenye mstari ili kuachanisha aya. Lakini kwa utaratibu wa SMTP, ambao seva hutumia kupokezana barua pepe na ambao Jon Postel aliuandika mwaka 1982, mstari wenye nukta tupu ndio unaoiambia seva kwamba barua imekwisha. Ili nukta ya mwandishi isichanganywe na hiyo, programu inayotuma huongeza nukta ya pili mbele yake, na seva inayopokea huiondoa. Programu za kawaida hufanya hivyo zenyewe. Tatizo hutokea kwenye mfumo uliotengenezwa ofisini, unaozungumza na seva moja kwa moja, kama fundi wake alisahau hatua hiyo. Seva huipokea nusu barua na kujibu `250`, yaani imefika salama. Mistari iliyobaki huichukua kama amri isizozijua, na kwenye kumbukumbu za mfumo hubaki `500`.

Mpokeaji naye anaona sentensi kamili, yenye nukta mwishoni. Linalomstua labda ni kukosekana kwa jina na cheo cha aliyeutia saini. Wote wakiona umeishia palepale, kosa liko upande wa mtumaji. Wanaotumia Gmail peke yao wakiona umekatwa, huenda ni Gmail tu iliyoficha sehemu ya barua ndefu, na chini yake kuna kiungo cha kuufungua wote.

Ndiyo maana tangazo la "puuzeni barua pepe iliyotangulia" halitoshi kabisa. Atakayelisoma kesho atakuta barua nyingine imetangulia, na aliyekwishaamini kwamba posho imefutwa ataendelea kuamini hivyo. Tangazo linalosaidia husema hivi:

"Waraka Kumb. Na. UT/14 uliotumwa leo saa 4:10 asubuhi ulikatika baada ya aya ya 2. Msiutumie. Posho haijafutwa kwa watumishi wote. Waraka kamili ni UT/14A, kurasa 2, umeambatishwa."

Namba mpya inazitenga nakala mbili hizo hata zikichapishwa na kuwekwa jaladani. Kiambatisho nacho kina sababu yake. Maandishi yaleyale yakipitishwa tena kwenye mfumo uleule yatakatika palepale, lakini faili la PDF hugeuzwa kuwa herufi, tarakimu na alama chache zisizo na nukta hata moja. Afisa ahakikishe tu kwamba ujumbe wenyewe, unaotangulia kiambatisho, hauna mstari wenye nukta tupu, la sivyo hata hiyo PDF haitafika.